Fomu ndefu za mtandaoni: Dirisha lilihamishwa, karani akasahauliwa

SERIKALI ya Kenya ilipozindua jukwaa la eCitizen mwaka 2014, matumaini ya wengi yalikuwa kwamba foleni ndefu katika ofisi za umma zingepungua. Kwa huduma fupi, kama vile kulipia cheti au kuweka miadi, tumaini hilo limetimia kwa kiasi kikubwa.

Hata hivyo, kuna huduma ambazo haziwezi kuombwa kwa maswali matatu au manne. Ombi la ufadhili wa masomo ya chuo kikuu, usajili wa bima ya afya unaopima uwezo wa familia, au hata makadirio ya gharama ya kukatia biashara bima, humtaka mhusika ajibu makumi ya maswali, ataje nambari za vitambulisho vya watu wengine na aambatishe stakabadhi kadhaa.

Katika huduma za aina hiyo foleni haikuisha bali ilihama. Ilitoka ofisini ikaenda katika saiba za mitaani, ambako mwombaji huketi nyuma ya kijana anayemjazia fomu kwa malipo, akijibu maswali asiyoyaona vyema.

Ni rahisi kulaumu udhaifu wa mtandao au uchache wa kompyuta. Sababu hizo zipo, lakini ipo nyingine ambayo haizungumziwi sana, nayo ni jinsi fomu zenyewe zinavyotengenezwa.

Karani wa dirishani, pamoja na lawama zote alizopata, alikuwa na kazi tatu. Alimweleza mwombaji amebakisha madirisha mangapi. Aliliweka faili lake kabatini hadi arudi na cheti kilichokosekana. Kisha alimrudishia fomu huku akimwonyesha kwa kidole mahali alipokosea na namna ya kurekebisha.

Huduma ilipohamishiwa mtandaoni, maswali yalinakiliwa kutoka kwenye karatasi hadi kwenye skrini, lakini mara nyingi kazi hizo tatu za karani hazikunakiliwa.

Athari zake si usumbufu tu. Tangu mfumo mpya wa kufadhili elimu ya juu utangazwe Mei 2023, majibu ambayo mwanafunzi anayaandika katika fomu ya mtandaoni ndiyo yanayoingizwa katika kipimo cha uwezo wa familia, na kipimo hicho ndicho kinachoamua apate ufadhili wa kiasi gani na mkopo wa kiasi gani. Mwaka 2024 wanafunzi wengi walilalamika kuwa waliwekwa katika makundi yasiyolingana na hali zao, na ikabidi nafasi ya kukata rufaa ifunguliwe.

Katika sekta ya afya, Mamlaka ya Afya ya Jamii (SHA) ilichukua nafasi ya NHIF mnamo Oktoba 1, 2024. Wananchi wasio na ajira rasmi walitakiwa kujibu maswali kuhusu familia na makazi yao ili wapangiwe kiwango cha mchango.

Haitakuwa haki kudai kwamba kila malalamiko yalitokana na fomu, kwani hata kanuni zenyewe za ukokotoaji zilipingwa, mahakamani na kwingineko. Lakini kanuni iwe nzuri kiasi gani, haiwezi kutoa jibu sahihi ikiwa imelishwa habari zilizopotoka tangu mwanzo. Na fomu mbaya hupotosha habari bila ya mwombaji kukusudia kudanganya.

Kenya si nchi ya kwanza kukumbana na tatizo hili. Mnamo Oktoba 1, 2013, Amerika ilizindua tovuti ya HealthCare.gov ili wananchi wake wanunue bima ya afya chini ya sheria ya Rais Barack Obama. Siku ya kwanza, watu sita pekee katika taifa hilo kubwa ndio waliofanikiwa kufika mwisho na kujisajili.

Mitambo ilizidiwa, naam, lakini mpangilio wa fomu ulichangia. Mgeni hakuruhusiwa kutazama bei za bima kabla ya kufungua akaunti, kwa hivyo umati wote ulisongamana katika mlango mmoja mwembamba, wakiwemo wale waliotaka kulinganisha bei tu na kuondoka.

Baada ya mitambo kutulizwa, kikundi kidogo cha wataalamu kiliiandika upya fomu ya maombi. Katika toleo la mwaka 2014, mwombaji wa kawaida ambaye hali ya familia yake haikuwa na utata alipitia kurasa 16, ilhali awali alipitia 76. Sheria ilikuwa ile ile na bima zilikuwa zile zile. Kilichobadilika ni kwamba maswali yasiyomhusu mwombaji hayakuletwa tena mbele yake.

Ili kuelewa jinsi funzo hilo linavyoihusu Kenya, na achukuliwe msichana wa kubuni kutoka Kinango, kaunti ya Kwale, anayeomba ufadhili wa chuo kikuu. Babake alifariki alipokuwa darasa la nne. Mamake huuza mahamri. Amebakiwa na siku tatu kabla ya maombi kufungwa, na saiba iliyo karibu iko mwendo wa matatu.

Na ichukuliwe kwamba fomu yake ina sehemu nane: habari zake binafsi, shule alizosoma, baba, mama, mlezi, ndugu zake, mapato na makazi ya familia, kisha stakabadhi. Maswali yote yamepangwa katika ukurasa mmoja mrefu wenye kitufe kimoja cha kutuma mwishoni.

Sehemu ya kwanza na ya pili zinapita vyema. Ana nambari yake ya mtihani wa KCSE yenye tarakimu 11, nane za shule na tatu zake mwenyewe. Anapofika sehemu ya baba, fomu inadai nambari ya kitambulisho na haikubali nafasi hiyo iachwe wazi. Hakuna mahali pa kusema kwamba baba ni marehemu.

Kijana wa saiba ameshaliona tatizo hili mara nyingi, na dawa yake anayo. Anaandika 12345678, au anaomba nambari ya kitambulisho cha ami. Ami huyo ni mwalimu aliyeajiriwa. Iwapo mfumo utalinganisha nambari hiyo na rekodi za ajira, yatima atahesabiwa kuwa mtoto wa mtu mwenye mshahara.

Katika sehemu ya mama, kitambulisho cha zamani cha mama kina tarakimu saba, lakini fomu inataka nane. Kijana anaongeza sifuri. Nambari ya simu ya mama inaanza kwa 011, mojawapo ya nambari zilizoanza kutolewa nchini mwaka 2019, ilhali aliyetengeneza fomu alizijua zile za 07 tu. Kijana anaandika nambari yake mwenyewe ili kazi iendelee.

Wakifika sehemu ya saba stima inapotea. Inaporudi, ukurasa ni mweupe. Wanaanza upya, na kwa kuwa sasa wana haraka, idadi ya ndugu walio shuleni inaandikwa kwa kukisia.

Hatimaye wanabonyeza kitufe cha kutuma. Fomu inarudi juu kabisa ikiwa na maneno mekundu ya Kiingereza, "Invalid input", bila kueleza ni jibu lipi kati ya yote lenye kasoro. Msichana ametumia nauli, amelipia saiba na hajapeleka ombi. Mbaya zaidi, hata likipelekwa, litakuwa na uongo wa aina nne ambao hakuna aliyetaka kuusema.

Fomu hiyo hiyo inaweza kupangwa kwa namna nyingine. Kazi ya kwanza ni ya kumwonyesha mwombaji njia.

Badala ya ukurasa mmoja mrefu, maswali yanagawanywa katika kurasa fupi, kila ukurasa ukishughulikia jambo moja. Kabla ya swali la kwanza, mwombaji anaelezwa mambo mawili: itamchukua muda gani, na anahitaji kuwa na nini mkononi. Orodha ya stakabadhi ikiwekwa mwanzoni, msichana wa Kinango ataondoka nyumbani akiwa na cheti cha kifo cha babake, badala ya kugundua kwenye sehemu ya nane kwamba kinahitajika.

Kisha panahitajika alama ya kumwonyesha amefika wapi. Wengi hudhani kwamba mstari wa rangi unaojaa kidogo kidogo juu ya skrini unatosha. Mambo si rahisi hivyo. Nchini Uingereza, wahudumu wa posho ya watu wanaowatunza wagonjwa waliondoa katika fomu yao alama iliyoonyesha hatua 12, na hawakuona tofauti yoyote katika idadi ya waliomaliza kuijaza wala katika muda waliotumia.

Hii haimaanishi kwamba alama hizo hazina faida. Maana yake ni kwamba alama husaidia pale tu inapomwambia mtu jambo analoweza kulitumia. Mstari unaosema "asilimia 60" haumsaidii mtu aliye na dakika kumi za kutumia kompyuta. Maneno "Sehemu ya 4 kati ya 8: Mama" yanamwambia yuko wapi, anaulizwa kuhusu nani, na sehemu ngapi zimebaki.

Sharti kuu ni ukweli. Kwa kuwa mwenye baba marehemu ataruka maswali ya kazi na mshahara wa baba, jumla ya kurasa zake si sawa na ya mwenzake. Alama inayohesabu kurasa itaruka mbele au, vibaya zaidi, kurudi nyuma, na mwombaji ataacha kuiamini. Ndiyo maana katika fomu yenye njia nyingi ni afadhali kuhesabu sehemu kubwa ambazo hazibadiliki, na si kurasa.

Kwa maombi marefu kabisa, njia iliyo bora ni orodha ya sehemu zote katika ukurasa mmoja, kila moja ikiwa na neno kando yake: "Imekamilika", "Haijakamilika" au "Haijaanza". Mwombaji anaweza kuanza na sehemu aliyo na habari zake, akaiacha ya mapato hadi azungumze na mamake jioni.

Kazi ya pili ni ya kuhifadhi faili. Kila mwombaji anapobonyeza kitufe cha kuendelea, majibu ya ukurasa huo yanapaswa kutumwa na kuhifadhiwa papo hapo. Stima ikipotea katika sehemu ya saba, kinachopotea ni majibu ya ukurasa mmoja, wala si kazi ya saa nzima.

Swali ni majibu hayo yahifadhiwe wapi. Ipo njia rahisi ya kuyaweka ndani ya kompyuta inayotumiwa, katika kumbukumbu ya kivinjari chenyewe. Kwa mtu mwenye simu yake binafsi njia hiyo ina manufaa, kwani huendelea kufanya kazi hata mtandao ukikatika.

Katika saiba njia hiyo ni hatari. Mteja atakayeketi baadaye atafungua tovuti ile ile na kukuta nambari ya kitambulisho, mapato ya familia na cheti cha kifo cha mtu asiyemjua. Sheria ya Ulinzi wa Data ya mwaka 2019 inaitaka taasisi inayokusanya habari hizo izilinde, na haitakuwa utetezi kusema kwamba kompyuta ilikuwa ya saiba.

Kwa hivyo majibu ya fomu ya umma yanafaa kuhifadhiwa katika seva ya taasisi, na mwombaji apewe nambari ya kumbukumbu ambayo, pamoja na msimbo unaotumwa kwa simu yake, itamwezesha kuendelea siku nyingine na katika kifaa kingine. Anaweza kuanzia saiba na kumalizia kwa simu ya mamake.

Hapa ndipo kosa la kuandika nambari ya simu ya kijana wa saiba linapogeuka kuwa msiba. Msimbo wote wa kufungulia ombi utakuwa unaenda kwake. Akifunga biashara au akibadilisha laini, mwenye ombi atakuwa amefungiwa nje ya faili lake. Fomu inaweza kuzuia hilo kwa kuuliza waziwazi, "Je, simu hii ni yako, ya mzazi, au ya mtu anayekusaidia kujaza?" Jibu likiwa la tatu, itamwonya kwamba ujumbe wa matokeo utapelekwa kwa mtu huyo.

Kuna suala jingine la muda. Kwa sababu za usalama, mifumo mingi humtoa mtu asiyebonyeza chochote kwa dakika kadhaa. Mwongozo wa kimataifa wa kuwezesha kila mtu kutumia tovuti unataka aonywe kabla muda haujaisha, apewe angalau sekunde 20, na aweze kuongeza muda kwa tendo jepesi kama kubonyeza kitufe kimoja. Anayeitafuta nambari ya kitambulisho cha mamake mkobani anaihitaji sana nafasi hiyo.

Lakini kuhifadhi nako kuna mtego wake. Mtu anayeona maneno "Majibu yako yamehifadhiwa" anaweza kuamini kwamba ombi limefika. Ataenda nyumbani akiwa ametulia, na siku ya mwisho itapita huku faili likiwa kabatini halijakabidhiwa kwa mtu yeyote.

Ili kuepuka hilo, kila ujumbe wa kuhifadhi unapaswa kubeba kinyume chake: "Tumehifadhi majibu yako. Ombi lako halijatumwa. Litume kabla ya tarehe fulani." Na siku mbili kabla ya kufungwa, wenye maombi ambayo hayajatumwa wakumbushwe kwa ujumbe mfupi wa simu.

Kazi ya tatu ndiyo iliyo ngumu zaidi, nayo ni ya kumrekebisha mwombaji. Fomu inapolikataa jibu, ujumbe wake unafaa kujibu maswali mawili: kosa liko wapi, na lirekebishwe vipi. "Nambari ya kitambulisho cha mama ina tarakimu tisa. Inafaa kuwa saba au nane. Iangalie tena kwenye kadi yake" ni ujumbe wa karani mwema.

Ujumbe huo unafaa kuonekana mara mbili: juu ya ukurasa, pamoja na kiungo cha kumpeleka mtu moja kwa moja kwenye kosa, na kando ya swali lenyewe. Rangi nyekundu pekee haitoshi, kwa kuwa wapo wasiotofautisha rangi na wapo wanaosomewa skrini na kompyuta. Na kila alichokwisha kuandika mwombaji kibaki palepale. Kufuta majibu mazuri kwa sababu ya moja lenye kasoro ni sawa na karani kumchania mtu fomu.

Wakati wa kukosoa pia una maana. Fomu inayoanza kulalamika mtu akiwa ameandika tarakimu mbili tu kati ya nane humvuruga bure. Ni afadhali ingoje amalize swali, au abonyeze kuendelea. Kwa kuwa kila ukurasa una maswali machache, makosa hayawezi kuwa mengi, nayo hujulikana yangali mabichi.

Aidha, si kila tofauti ni kosa. Nambari ya simu inaweza kuandikwa ikianza na 07, 01, 254 au alama ya kujumlisha, ikiwa na nafasi katikati au bila. Zote humaanisha kitu kimoja, na kompyuta inaweza kuzipanga yenyewe bila kumsumbua mtu. PIN ya KRA ya mtu binafsi huanza kwa herufi A, hufuatwa na tarakimu tisa na kumalizia kwa herufi. Aliyeiandika kwa herufi ndogo hajakosea, na aliyeweka herufi O mahali pa sifuri anaweza kuulizwa kwa upole kama alikusudia sifuri.

Mfano ulio karibu zaidi na Wakenya ni wa majina. Fomu iliyoagizwa kukubali herufi pekee itamkataa kila Ng'ang'a na kila Nyong'o kwa ajili ya kile kikoma cha juu. Hata ile inayokikubali inaweza kukikataa kikiandikwa kwa simu, kwa sababu baadhi ya simu huweka kikoma kilichopinda badala ya kilichosimama. Mwombaji akikiondoa ili apite, jina lake halitalingana na lile la cheti cha mtihani, na ombi litakwama mbele ya safari.

Kutokana na mifano hii inadhihirika kwamba ukali wa fomu hauleti usahihi. Fomu inayolazimisha jibu mahali ambapo jibu la kweli ni "sijui", "hayupo" au "sina", humfundisha mwombaji kubuni. Kinachohitajika ni swali la kutangulia. Mtu aulizwe kwanza kama baba yu hai. Akijibu kuwa ni marehemu, maswali ya kitambulisho na mshahara wa baba yasijitokeze kabisa, mahali pake pakae swali moja la nambari ya cheti cha kifo, likiwa na nafasi ya kusema kwamba cheti hakijapatikana.

Lugha nayo haiwezi kupuuzwa. Kifungu cha 7 cha Katiba ya 2010 kinatambua Kiswahili kuwa lugha ya taifa na, pamoja na Kiingereza, lugha rasmi. Mama wa Kinango anayetakiwa kuthibitisha mapato yake ana haki ya kulielewa swali na, zaidi, kuelewa onyo linalomwambia kwamba amekosea.

Taasisi inawezaje kujua kama fomu yake ina kasoro kabla ya malalamiko kufika bungeni na mahakamani? Majibu yamo katika mitambo yake yenyewe, kwa sharti kwamba kuna mtu anayeyatazama.

Dalili ya kwanza ni idadi ya watu wanaofika katika kila ukurasa. Tuseme watu 1,000 wameifikia sehemu ya baba, lakini 600 pekee ndio walioifikia ya mama. Haiwezekani kwamba watu 400 wameghairi kwenda chuo kikuu katika swali lile lile. Swali ndilo lenye kasoro.

Dalili ya pili ni swali linalokataa majibu mara nyingi kuliko mengine. Dalili ya tatu, ambayo wengi hawaiangalii, imo katika maombi yaliyofaulu kutumwa: nambari moja ya simu ikijitokeza katika makumi ya maombi, basi ni ya mtu wa saiba. Nambari ya kitambulisho 12345678 ikijirudia, basi kuna swali linalowalazimisha watu kudanganya. Ukaguzi wa namna hiyo hauhitaji fedha nyingi, na unaweza kufanywa katika siku za kwanza za maombi, wakati marekebisho yangali na manufaa.

Hata hivyo, kugawanya fomu katika hatua hakutibu kila ugonjwa. Kila ukurasa mpya ni safari nyingine ya kwenda na kurudi kwenye seva. Penye mtandao mzito, kurasa 60 zenye picha na mapambo zitamchosha mtu na kumla bando kuliko ukurasa mmoja mrefu. Kurasa zinapaswa kuwa nyepesi, na maswali yanayoenda pamoja, kama vile siku, mwezi na mwaka wa kuzaliwa, yasitenganishwe.

Mipaka ni mikali zaidi kwa wale wanaotumia simu za kawaida, kama wanaojisajili na SHA kwa kubonyeza *147#. Ujumbe mmoja wa menyu hizo hauwezi kuzidi herufi 182, na kikao hukatwa na kampuni ya simu muda wake unapokwisha. Hapo hakuna nafasi ya mstari wa rangi wala maelezo marefu. Kuhifadhi kila jibu mara linapotolewa, na kumwanzishia mtu pale alipokatikiwa, ndilo jambo la pekee linaloweza kumwokoa.

Ugonjwa mkubwa zaidi ni wingi wa maswali yenyewe. Wahenga walisema kuuliza si ujinga, lakini kumuuliza mwananchi jambo ambalo serikali inalo tayari katika sajili zake ni kumsumbua. Mwanafunzi aliyetoa nambari ya mtihani hahitaji kuandika upya jina la shule na alama zake; aonyeshwe tu habari hizo na aulizwe kama ni sahihi. Sheria hiyo ya mwaka 2019 nayo inataka zikusanywe habari zile tu zinazohitajika kwa kazi iliyotajwa.

Hili ndilo walilolifanya Waamerika walipozipunguza kurasa 76 hadi 16. Hawakuanza kwa kupamba fomu. Walikaa wakachunguza kila swali: linamhusu nani, na jibu lake litatumiwa kufanya nini. Lililokosa jibu liliondolewa mbele ya mtu lisiyemhusu.

Kwa msichana wa Kinango, kazi hiyo ingemaanisha fomu yenye sehemu saba badala ya nane, swali moja kuhusu babake badala ya kumi, na ombi lililoanzia saiba Jumatatu likatumwa kwa simu ya mamake Jumatano usiku. La muhimu zaidi, karatasi itakayotumiwa kumpimia uwezo ingekuwa na hali yake halisi, na wala si mshahara wa ami yake.

Taasisi zinazopanga kufungua maombi mapya zina njia rahisi ya kujipima kabla ya siku hiyo kufika. Ziwachukue yatima mmoja, mama mmoja asiyesoma Kiingereza na Ng'ang'a mmoja, ziwaketishe mbele ya fomu bila msaidizi, kisha zihesabu wangapi wamefika mwisho bila ya kulazimika kuandika uongo.